Mwito wa Tatu

Ukipanda teksi ya Khelef Mundhir pale Malindi ya Mji Mkongwe, usije ukachomeka chaja yako ovyo kwenye tundu ya kuwashia sigara. Atakupokonya mkononi. Ataichomeka mwenyewe, ataizungusha kidogo mpaka itulie, atatia kijiti cha kiberiti ubavuni kuikaza, kisha ataitazama taa yake nyekundu kama mama anayechunga maziwa jikoni yasifurike. Ukimwambia, "Wasiwasi wa nini, chaja tu hiyo," hatakujibu. Atafungua kidroo cha mbele akuoneshe kikopo cha vidonge kilichojaa fyuzi mpya: nyekundu, buluu na njano. Wenzake kituoni humcheka. Husema Khelef ana fyuzi nyingi kuliko nywele.

Zamani hakuwa hivyo hata kidogo. Khelef wa zamani alikuwa bingwa wa bora liende. Tangi la petroli likivuja, alikandika sabuni ya mche. Kioo cha dirisha kikigoma kupanda, alikikaba kwa kipande cha ubao na abiria akakaa na upepo wake. Babu yake alikuwa na mikarafuu na nyumba ya ghorofa tatu Mji Mkongwe. Yeye alirithi chumba kimoja cha nyumba hiyo, na ukuta wake mmoja ulisimama kwa sababu yeye mwenyewe aliuegemeza nguzo ya mkoko. Nadhani ndiko alikojifunzia. Mtu aliyekulia chini ya dari linaloanguka kidogo kidogo huzoea kuamini kwamba kila kitu kinaweza kushikizwa kwa siku moja zaidi. Mkewe Kidawa alikuwa akiwaambia mashoga zake, "Mume wangu akifa, atajifunga kamba mwenyewe aendelee."

Kidawa ni mtu wa Uroa, na huko Uroa alikuwa na shangazi yake, Bi Wanu. Huyu Bi Wanu ndiye aliyewalea watoto wa upande ule wote kwa neno moja: usiitike mwito wa kwanza. Njia ya kwenda kwao inapita maweni, kwenye vichaka vilivyoota juu ya mawe, na watu wa huko wanajua kwamba jua likishasimama utosini wako wasioonekana wanaoita watu kwa majina. Ukiitwa na humuoni anayekuita, nyamaza. Ukiitwa mara ya pili, nyamaza vilevile. Mwanadamu mwenye haja na wewe ataita mara ya tatu. Yule mwengine hawezi kufika tatu. Miraji mkata kuni aliitika mwito wa kwanza mchana kweupe, akakutwa magharibi amekaa juu ya jiwe, hajui jina lake. Bi Wanu alimtoa mfano Miraji mpaka watoto wakawa wanamuota. Aliyelishika somo hilo kuliko wote alikuwa bintiye wa pekee, Nadra. Ukimwita Nadra uwani, ulikuwa unamwita mara tatu, hata kama kijungu kinaungua.

Nadra huyo ndiye aliyekuja kumuumiza mama yake. Aliaga anakwenda mjini harusini, kumbe ana tiketi ya Maskati mkobani, anakwenda kufanya kazi za nyumba ya watu. Mwezi uliofuata baba yake akafariki, akazikwa bila yeye. Bi Wanu hakulia mbele za watu wala hakumlaani mtoto. Alisema tu, "Sina neno naye," na kwa miaka mitatu hakuwa na neno. Kanga zilizoletwa kutoka Maskati alizigawa kwa majirani bila kuzikunjua.

Ikafika mwaka 2003, Bi Wanu akalazwa hospitali mjini. Moyo ulikuwa umechoka. Khelef ndiye aliyekuwa na simu, moja ya simu tatu za mtaa wao, nene kama kipande cha sabuni na betri yake imekwisha kuzeeka. Ukiichomoa kwenye chaja haichukui muda inazimika. Nadra akapiga simu hiyo akiomba awekwe sikioni kwa mama yake. Khelef akaipeleka mpaka kitandani. Bi Wanu akageukia ukuta.

"Shemeji," Nadra alisema, na sauti yake ilikuwa imekauka, "mimi siku yangu ya kutoka ni Alhamisi tu. Alhamisi nitakwenda duka la simu, nitapiga saa nane za mchana za huko kwenu. Mwambie anitukane akitaka. Nisikie sauti yake tu, na anipe radhi. Asiondoke bila kunipa radhi, shemeji."

Khelef akaahidi. Na hapana mtu wa pande zetu anayehitaji kuelezwa alichoahidi. Mtoto aliyefiwa na mama bila radhi, dunia humkataa kabla akhera haijamuuliza kitu.

Alhamisi ilipofika, Bi Wanu akasema anataka kwao. Daktari hakumzuia, alisema kilichobaki ni dua, na dua haina wodi. Kidawa akamnong'oneza mumewe wangoje mpaka saa nane ipite. Bi Wanu akasikia. "Nnataka nife naisikia bahari yangu," alisema. "Nyinyi ngojeni. Mimi nnakwenda kwa miguu." Mtu asiyeweza kuinua kikombe cha maji! Lakini alikwisha kuuteremsha mguu mmoja kitandani.

Khelef akapiga hesabu. Wakitoka baada ya sala ya adhuhuri, kabla ya saa nane watakuwa Uroa, bibi kitandani pake, simu mkononi. Taabu ilikuwa moja: umeme ulikatika mjini tangu jana usiku na simu ilikuwa inapumua pumzi za mwisho. "Itachaji njiani," alisema. "Nna chaja ya gari."

Chaja alikuwa nayo kweli. Tundu ndiyo iliyokuwa mbovu. Miaka kumi na zaidi watu walikuwa wakichomeka na kuchomoa humo, na vile vibati viwili vya ubavuni vinavyotakiwa kuibana chaja vilikuwa vimelala kama masikio ya mbwa mgonjwa. Chaja ya gari ina springi kichwani. Ikikosa kubanwa ubavuni, springi ile huisukuma nje. Gari ikirukaruka, inatoka. Khelef alilijua hilo siku nyingi. Alikuwa akiishikilia kwa kidole.

Njia ya lami mpaka Chwaka ilikwenda vizuri. Bi Wanu amelazwa kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa Kidawa. Kaseti ya Yasini inasoma kwa sauti ya chini. Simu iko juu ya dashibodi, waya wake wa kujikunja umening'inia, taa nyekundu ya chaja imetulia. Khelef alianza hata kuvuta uradi.

Walipoiacha lami na kushika njia ya mawe ya kwenda Uroa, mambo yakabadilika. Shimo la kwanza, taa ikazima. Akasukuma chaja kwa kidole gumba. Simu, kama zilivyo simu zile, kila inapopata umeme upya hulia na kuwaka kioo. *Ti!*

"Naam," Bi Wanu akaitika.

Macho yake yalikuwa yamefumba. Khelef akatabasamu. Mgonjwa, alisema moyoni, anaota. Shimo la pili, chaja ikatoka, akairudisha. *Ti!*

"Naam."

"Shangazi," Kidawa akasema taratibu, "simu hiyo. Haikuiti mtu."

Gari ikaendelea, na njia ile kila hatua kumi ina shimo lake. Ti, naam. Ti, naam. Sauti haikuwa ya mtu anayeweweseka. Ilikuwa sauti ya adabu, sauti ya mtoto wa chuo cha Kurani anapoitwa na mwalimu, na ilitoka kwa bibi ambaye tangu azaliwe hajapata kuitika mwito wa kwanza wa mtu yeyote. Hata mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa akiita, anaitikiwa mara ya tatu.

Khelef akaangalia kiooni. Mkewe alikuwa amekaza macho kwenye midomo ya shangazi yake.

Nje jua lilikuwa kali na hapakuwa na mtu. Khelef alikuwa ameipita njia ile mara mia, na kila mara alikutana na mtu wa baiskeli, au wanawake waliojitwisha mwani, au mbuzi angalau. Siku ile hapakuwa na mbuzi. Vichaka vilisimama bila kutikisika huku na huku, na kivuli cha kila kimoja kilikuwa kimejikunja chini yake. Aliteremsha dirisha apate hewa na hakusikia hata ndege. Mtu mzima, dereva aliyeendesha miaka ishirini, lakini alilipandisha tena dirisha lake, na lilikuwa ndilo pekee katika gari ile linalopanda.

"Naam," Bi Wanu akasema.

*Ti!*

Simu ilikuwa imelia baada. Khelef alijiambia kwamba amekosea kusikia. Akakaza kidole kwenye chaja, akapunguza mwendo, akasikiliza. Gurudumu la mbele likatumbukia.

"Naam."

*Ti!*

"Khelef," Kidawa akasema. Sauti ilikuwa imemtoka nyembamba. "Khelef, anaitika kabla."

"Nshasikia."

"Hebu izime hiyo simu."

"Nikiizima, Nadra akipiga je?"

"Shangazi, usiitike!" Kidawa akainama, akamshika shangazi yake mashavu. "Wewe ndiye uliyetufundisha. Nyamaza, ngoja mara ya tatu. Shangazi, unanisikia?"

Bi Wanu akafumbua macho. Alimtazama mpwa wake kwa upole mkubwa, kama mtu aliyekatizwa mazungumzo na wageni wake. "Hawa wanaita kwa zamu," alisema. "Kila mtu mara moja." Akayafumba tena.

Hapo ndipo Khelef alipofanya lile alilolifanya. Mimi simlaumu sana. Alitaka mambo mawili kwa pamoja: simu ichaji, na ule mlio unyamaze. Dawa ya yote mawili ilikuwa moja, kuikaza chaja isitoke. Akasimamisha gari. Kwenye kisahani cha majivu palikuwa na pakti tupu ya sigara iliyoachwa na abiria. Akaichana ile karatasi yake ya kung'ara ya ndani, akaikunja mara mbili, upande wa kung'ara nje, akaizungushia chaja kiunoni kama mtu anayefunga msuli, akaisukuma ndani ya tundu. Ikaingia kwa nguvu na ikakaa. Akaitikisa. Kimya. Taa nyekundu imesimama.

"Akili ni nywele," alimwambia mkewe, "kila mtu ana zake."

Kidawa hakucheka.

Wakaenda. Gari iliruka mashimo matatu, manne, na simu haikulia. Kaseti ilikuwa inasoma. Khelef alianza kupumua. Saa yake ya mkononi ilisema saa nane kasoro dakika kumi na mbili. Nyumba za Uroa hazikuwa mbali.

"Naam," Bi Wanu akasema. Simu haikulia, wala haikuwa na sababu ya kulia.

Kisha akasema tena, "Naam. Nnakuja."

Khelef alikanyaga mafuta. Hilo lilikuwa kosa juu ya kosa. Mbele palikuwa na jiwe lililochongoka, gari ikapanda na kushuka kwa kishindo, na ile karatasi, ambayo kwa muda wote ilikuwa ikiteremka kidogo kidogo, ikafika kichwani mwa chaja. Kwa wasiojua: ndani ya tundu ile, umeme uko katikati, na ubavu wake ni bodi ya gari yenyewe. Viwili hivyo havitakiwi kukutana ila kwa kupitia kwenye chombo. Karatasi ya Khelef ilivikutanisha.

Palisikika *taf*, mlio mdogo, kama punje ya bisi. Harufu ya kuungua ikapanda. Taa nyekundu ikazima, na msomaji wa Yasini akakatika katikati ya neno, pumzi ikiwa bado imo kifuani mwake.

Sijui kama umewahi kusikia kimya cha namna hiyo. Khelef anasema kilikuwa na uzito. Injini ilikuwa inanguruma lakini yeye hakuisikia. Alizima gari. Simu ilikuwa bado hai kwa chaji ile ndogo iliyopata, kioo chake kinamulika kijani. Kisha ikalia mlio wa kuaga na kioo kikafa.

"Fyuzi," alisema. "Fyuzi imekata. Redio na tundu vinatumia fyuzi moja." Alikuwa anajieleza yeye mwenyewe. Akashuka, akafungua mlango wake wote, akapiga magoti kwenye mawe ya njia na kuingiza mkono chini ya usukani kwenye kisanduku cha fyuzi. Alipoichomoa aliinyanyua kwenye mwanga: buluu, ya ampea kumi na tano, na kile kiwaya cha ndani kimekatika na plastiki imeingia weusi. Hakuwa na nyengine. Khelef wa zamani hakuwa mtu wa kununua kitu kabla hakijaharibika.

"Nipeni simu," Bi Wanu akasema.

Wote wawili wakageuka. Alikuwa ameinua mkono, mkono uliokuwa haunyanyui kikombe, na kiganja kimefunguka. "Nipeni. Nataka kumwita mwanangu."

Miaka mitatu hakulitaja neno hilo. Kidawa akashikwa na kwikwi ya kilio.

"Shangazi," Khelef akaanza, "simu ime..."

Kidawa alimshika bega, akambana mpaka kucha zikaingia. Khelef akaichomoa ile simu kwenye waya wake, nzito, baridi, haina uhai wowote ndani yake, akaiweka kwenye kiganja cha mkwewe.

Bi Wanu akaiweka sikioni. Alikuwa hajapata kushika simu, akaishika juu chini.

"Nadra!" aliita. Sauti ilikuwa kubwa, sauti ya kumwita mtoto aliye nyuma ya nyumba. Akatega sikio. Khelef, bila kujua kwa nini, akaangalia saa. Ilikuwa nane kasoro dakika tano.

"Nadra!"

Akasikiliza tena, muda mrefu zaidi. Kisha uso wake ukalainika, na Khelef akaona kitu ambacho hajakiona tangu aoe katika ukoo ule. Bi Wanu alikuwa anacheka.

"Haitiki," alisema. "Umeona? Mwito wa pili haitiki. Nilimfunza mwenyewe."

"Muite tena, Shangazi," Kidawa akasema huku akilia. "Mara moja tu. Ya tatu ataitika."

"Nshampa radhi," alisema Bi Wanu. "Ya dunia na ya akhera. Mwambieni." Akavuta pumzi kubwa ya kuita, midomo ikajikusanya kwa jina lile lile, ikalitamka lote, na sauti haikutoka. Simu ikateremka kifuani. Kidawa akamsomea shahada sikioni mara ya kwanza, na mara ya pili, kisha akamfumba macho.

Khelef alikuwa bado amepiga magoti. Alilia, na alilia kwa sababu mbili, na ya pili ilikuwa inamchoma zaidi. Angeshikilia chaja kwa kidole kama siku zote, simu ingekuwa hai. Bibi amesema neno lake kwenye kipande cha plastiki kilichokufa, na aliyekuwa akilingojea miaka mitatu hakulisikia, kwa ajili ya karatasi ya sigara.

Akasimama, akaanza kazi.

"Wafanya nini sasa?" Kidawa akamuuliza. "Khelef, maiti huyu. Twende."

"Nadra atapiga."

Alirudisha ufunguo wa gari pahala pa kuzima kabisa. Akachukua njiti ya kiberiti, akaichokora ile tundu mpaka akalitoa donge la karatasi iliyoungua lililokuwa limeganda chini, akafuta vumbi lake kwa ncha ya kanzu, akachungulia mara tatu kwamba hapana hata chembe ya kung'ara iliyobaki. Kisha akaichomoa fyuzi ya honi, maana nayo ilikuwa buluu ya kumi na tano, na honi njiani mule angempigia nani. Akaitia pahala pa ile iliyoungua. Akachomeka chaja, akakaza njiti ubavuni, na juu yake akakandamiza kidole gumba. Akaufungua ufunguo.

Msomaji wa Yasini akamalizia lile neno. Alilimalizia pale pale alipokatikia, kwa pumzi ile ile, kana kwamba alikuwa amewasubiri tu. Kidawa alitoa ukelele. Khelef alijua kwamba kaseti haina pa kwenda umeme ukikatika, husimama na kuendelea ilipokuwa. Alilijua hilo vizuri, na vilevile akaipunguza sauti.

Kidawa akampa simu, akaichomeka kwenye waya. Simu iliyokufa kabisa haiamki papo hapo. Inakunywa kwanza. Walikaa hivyo, mume amejipinda kidole kikiwa kwenye chaja, mke nyuma na maiti mapajani, vichaka vimewazunguka, dakika ya saa nane ikaja na ikapita.

*Ti!*

Wote wawili wakamtazama Bi Wanu. Hapana aliyeitika.

Khelef akaiwasha. Saa nane na dakika saba, simu ikaita.

"Shemeji!" Sauti ya Nadra ilikuwa juu juu. "Nimepiga mara nne, nnaambiwa haipatikani. Mama yupo? Mpe. Mpe hata kama hataki."

Kabla Khelef hajajibu, Nadra akasikia kaseti, na nyuma ya kaseti akamsikia Kidawa akilia.

"Lini?" aliuliza.

"Sasa hivi. Hata robo saa haijafika." Kisha Khelef akalisema upesi, kwa hofu kwamba akilikawiza litakuwa halina maana. "Kakupa radhi, Nadra. Ya dunia na ya akhera. Simu ilikuwa imekufa, kosa langu, mimi ndiye niliyeikata fyuzi. Lakini aliitaka mwenyewe, akaiweka sikioni, akakuita."

Alingoja kilio. Hakikuja. Alisikia magari ya Maskati yakipita nje ya lile duka, na mtu akizungumza Kiarabu.

"Aliniita kwa jina?"

"Kwa jina."

"Saa ngapi?"

"Nane kasoro tano."

Nadra alipozungumza tena, sauti ilikuwa ya chini mno, ikabidi Khelef aikandamize simu sikioni.

"Nilikuwa nje, kwenye foleni ya duka la simu," alisema. "Saa ya ukutani mle dukani niliitazama, tisa kasoro tano za huku, ndizo nane kasoro tano za kwenu. Nikamsikia mtu ananiita nyuma yangu. Nadra. Sauti yake hasa, ile ya kuniita uwani. Nikageuka, hapana mtu, jua tupu. Akaniita tena. Sikuitika, shemeji. Nilijiziba mdomo kwa mkono nisiitike. Nikasema nangoja ya tatu, na ya tatu haikuja." Akavuta pumzi. "Aliita mara ngapi?"

Khelef angeweza kusema uongo. Ananiambia mpaka leo hajui kwa nini hakusema.

"Mbili kwa sauti," alisema. "Ya tatu aliita kwa midomo. Sauti ilikuwa imekwisha. Lakini aliita, nimeiona kwa macho yangu."

"Niweke sikioni kwake," Nadra akasema.

Kidawa akaichukua simu, akaivuta nyuma mpaka ule waya uliojikunja ukanyooka wote, ukawa kama uzi wa mshipi wenye samaki. Waya ukivutwa hivyo unaing'oa chaja. Khelef akageuka, akaikandamiza kwa vidole viwili, njiti ikamchoma kwenye nyama, na chaja yenyewe ilikuwa imeanza kupata moto kwa kugusana vibaya na vile vibati. Hakulegeza. Kidawa akakiondoa kidogo kitambaa cha kichwani upande wa sikio la shangazi yake, akaiweka simu pale.

Kule mbele Khelef aliisikia sauti ya Nadra, ndogo, inatoka pembeni ya shavu la mama yake.

"Naam, mama," ilisema. "Naam. Naam."

Kisha ikanyamaza, na simu ikabaki wazi, na Khelef akaendelea kuishikilia chaja mpaka Nadra alipokata mwenyewe.